Kichwa cha bomba hakirudi, kabati limelowa: kutafuta chanzo chini ya sinki

Mabomba ya jikoni yenye kichwa cha kuvuta yameenea sana kwenye nyumba mpya, na malalamiko yake karibu yote yanafanana. Kichwa kinavutika vizuri lakini hakirudi mahali pake, au kinakwama katikati, au mwenye nyumba anafungua kabati asubuhi na kukuta mbao zimevimba kwa maji. Watu wengi hukimbilia kulaumu bomba lenyewe. Ukweli ni kwamba mara nyingi bomba halina kosa, kosa liko chini, ndani ya kabati, kwenye namna mpira unaobeba kichwa, uzito unaouvuta chini na fleksibo zinazoleta maji kwenye bomba vilivyopangwa.

Kabla ya kushika spana, toa kila kitu kabatini: ndoo, sabuni, mifuko ya plastiki iliyokunjwa, mtungi wa gesi kama upo. Chukua tochi na tepu ya kupimia. Halafu mwombe mtu avute kichwa na kukirudisha taratibu huku wewe umechuchumaa unaangalia kinachotokea. Dakika hizo chache zitakuonyesha mengi.

Kichwa hakirudi chenyewe

Anza na jaribio moja. Kichwa kikiwa kimevutwa nje kidogo, ingiza mkono kabatini, shika mpira unaoteremka kutoka kwenye shina la bomba, yaani mrija wake unaopita kwenye tundu la sinki, uuvute chini kwa vidole viwili. Kama kichwa kinarudi kwa ulaini, njia ya juu ni safi na tatizo liko kwenye uzito au nafasi yake. Kama hata mkono wako unahisi mpira unakwaruza na kugoma, usiguse uzito kwanza. Kuna msuguano juu, kwenye shingo au ndani ya shina.

Tuanze na uzito, maana ndiyo sehemu inayoeleweka vibaya kuliko zote. Ule uzito mdogo, ambao kwa kawaida ni vipande viwili vinavyobana mpira kwa skrubu au kwa kubofya, una kazi moja tu: kuvuta mpira chini ili kichwa kirudi mahali pake. Mpira chini ya sinki unakaa kama kitanzi. Upande mmoja unateremka kutoka kwenye shina, na huo ndio unaotembea unapovuta kichwa. Upande wa pili unapanda kwenda kwenye kiunganishi chake, pale unapoungana na mpira mfupi unaotoka kwenye bomba, nao umefungwa, hauendi popote.

Uzito ukifungwa upande unaotembea, mzigo wake wote unavuta kichwa. Ukifungwa kwenye kona ya chini kabisa ya kitanzi, nusu ya mzigo inabebwa na upande uliofungwa, kwa hiyo kichwa kinapata nusu tu ya nguvu. Ukipitiliza ukafungwa upande wa kiunganishi, haufanyi kazi yoyote, unaning'inia tu kama pambo. Nimeona watu wakinunua uzito wa pili na kuuongeza kwenye mpira, kumbe wa kwanza ulikuwa upande usiofaa.

Kosa la pili ni kufunga uzito juu mno au chini mno. Umbali kati ya mdomo wa chini wa shina na uzito ndio urefu wa juu kabisa ambao kichwa kitavutika, kwa sababu uzito ukifika kwenye shina unagonga na mpira unasimama. Ukiufunga sentimita 20 chini ya shina, kichwa kitatoka chini ya sentimita 20, basi. Kwa upande mwingine, ukiufunga chini sana utalala kwenye sakafu ya kabati kabla kichwa hakijafika nyumbani, na uzito uliolala hauvuti kitu. Baadhi ya mipira huja na kibandiko kinachoonyesha mahali pa kuufunga. Kibandiko hicho ni mwanzo mzuri, lakini aliyekibandika hajui kabati lako lina kina gani.

Hapa inafaa tuchukue jiko moja na vipimo vyake. Ni jiko la Kigamboni, kaunta ya granaiti juu ya kuta za matofali, na sakafu ya kabati imeinuliwa kwa zege ili maji ya kudekia yasiingie. Mama mwenye nyumba alisema, "Fundi, kichwa kinabaki nje vidole vinne, nikisukuma kinaingia, nikiacha kinatoka tena." Kutoka mdomo wa chini wa shina hadi sakafu ya kabati palikuwa na sentimita 58. Mpira wote ulikuwa na sentimita 150. Kichwa kikiwa mahali pake, sentimita 50 ziko ndani ya shingo na shina, kwa hiyo zinabaki 100 chini ya sinki. Kiunganishi cha mpira kilikuwa kinaning'inia sentimita 30 chini ya shina, na uzito, wenye urefu wa sentimita 8, ulifungwa kitovu chake kikiwa sentimita 60 kutoka kwenye shina.

Hesabu ya kitanzi ni rahisi. Jumlisha mpira uliopo chini na umbali ambao kiunganishi kimeshuka, gawanya kwa mbili, kisha toa kama sentimita 3 kwa ajili ya mpindo. Hapa ni 100 na 30, jumla 130, nusu yake 65, toa 3, unapata 62. Kabati lina 58. Mpira ulikuwa lazima ulale chini, hata kama hakuna kitu chochote kimeuzuia. Uzito nao, ncha yake ya chini iligusa zege wakati kichwa bado kiko nje sentimita 6. Hivyo ndivyo vile vidole vinne.

Dawa yake haikuhitaji kununua kitu zaidi ya kifungo cha plastiki cha kufungia nyaya. Kiunganishi kilipandishwa na kufungwa kwenye fleksibo ya maji ya baridi, sentimita 10 tu chini ya shina. Kitanzi kikawa 100 na 10, nusu yake 55, toa 3, yaani 52, na chini yake zikabaki sentimita 6 za wazi. Uzito ukahamishwa hadi sentimita 45 kutoka kwenye shina. Ncha yake ya chini sasa inafika 49, ina nafasi ya sentimita 9 juu ya zege, na kichwa kinavutika sentimita 41, ambazo zinatosha kufika kila kona ya sinki na hata sufuria iliyowekwa pembeni. Angalia kwamba kila sentimita 10 unazopandisha kiunganishi zinainua kitanzi sentimita 5. Kinachofungwa ni kiunganishi na ule mpira mfupi unaotoka kwenye bomba. Usifunge hata kidogo upande unaotembea.

Kama kabati lako lina rafu katikati, kina cha kuhesabia kinaishia kwenye rafu, siyo kwenye sakafu. Hapo hakuna hesabu itakayokuokoa. Ama unakata rafu upande wa nyuma ili mpira upite, ama unaiondoa.

Sasa turudi kwenye jaribio la mkono, pale mpira unapogoma hata ukiuvuta mwenyewe. Sababu ninayoikuta zaidi ni fleksibo mbili kujisokota kwenye mpira wa kuvuta. Vyote vitatu vinapita kwenye tundu moja la sinki, ambalo kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 35, na fundi akizungusha bomba zima ili kulinyoosha baada ya fleksibo kuingia, chini vinasukana kama msuko wa nywele. Legeza nati ya kushikilia bomba, rudisha bomba upande ulikotoka mpaka fleksibo zishuke sambamba, kaza tena huku mtu ameshika bomba juu lisizunguke.

Sababu nyingine ni bati la kushikilia, lile lenye umbo la kiatu cha farasi linalobana kaunta kutoka chini. Likigeuzwa vibaya, ukingo wake unagusa mpira. Pitisha kidole kuzunguka tundu. Ukisikia ukali wa chuma karibu na mpira, geuza bati ili uwazi wake uangalie upande mpira unakopita. Hili usilicheleweshe, kwa sababu mpira unaokwaruzwa kila siku utakuja kupasuka. Angalia pia kama ile bushi ya plastiki ya kulainisha njia imewekwa kwenye mdomo wa shina. Watu huitupa pamoja na boksi wakidhani ni ya kuzuia bomba lisikwaruzwe safarini.

Kichwa kinatoka kidogo halafu kinakwama

Kama kinakwama pale pale kila mara, na unasikia mlio wa "ko" chini, ni uzito umefika kwenye shina. Ushushe, ukikumbuka kipimo cha sakafu. Kama kinakwama mara moja moja, au kinakwama shingo ikigeuzwa kushoto lakini siyo kulia, kuna kitu kinadaka njiani. Wadakaji wa kawaida ni kishikio cha ango valvu, ile valvu ndogo ya ukutani inayofungia maji, nati kubwa ya trapu, ule mpindo wa maji machafu chini ya sinki, na ule mpira wa kupitishia maji yanayofurika. Uzito unapopanda unapita kando yake vizuri, unaposhuka unakaa juu yake.

Jaribu mara tatu: shingo ikiwa katikati, kushoto, kulia, na kila mara maji yakiwa yamefunguliwa. Mpira uliojaa maji yenye presha unakuwa mgumu na mzito, na unakaa tofauti na ule mkavu. Pale unapodakwa, mara nyingi inatosha kugeuza kishikio cha ango valvu kiangalie ukutani, au kuzungusha trapu kidogo ipishe. Sehemu ya kupita mpira na uzito iwe na upana wa angalau sentimita 15 usio na kitu. Kama vitu vya kabatini haviwezi kuhamishiwa kwingine, weka kipande cha ubao cha kutenganisha. Mtungi wa gesi ndio unaodaka kuliko vyote, na kwa kweli hapo chini kwenye unyevu na uchafu siyo mahali pake.

Kabati linalowa

Swali la kwanza siyo maji yanatoka wapi, ni yanatoka lini. Kwenye mabomba haya, maji yanayosubiri muda wote kwa presha yako ndani ya fleksibo mbili tu, kutoka ango valvu hadi kwenye mwili wa bomba. Mpira wa kuvuta uko baada ya katriji, ile sehemu ya ndani ya bomba inayofungua na kufunga maji, kwa hiyo unapata presha bomba likifunguliwa tu. Kausha kila kitu kwa kitambaa, tandika tishu au gazeti kavu kwenye sakafu ya kabati, fungia bomba, usilitumie kwa saa mbili. Tishu ikilowa, mshukiwa ni fleksibo au ango valvu. Ikibaki kavu halafu ikalowa ulipoosha vyombo, mshukiwa wa kwanza ni mpira wa kuvuta, kiunganishi chake au kichwa.

Tuseme ni fleksibo. Ina ncha mbili na kila moja ina tabia yake. Ncha nyembamba inaingia kwenye mwili wa bomba. Nyingi ni za nyuzi za M10, moja ina shingo ndefu na nyingine fupi ili zikae pamoja bila kugombana. Hapa kinachozuia maji ni oringi ndogo ya mpira, siyo nyuzi. Tepu nyeupe haina kazi hapa, tena inaweza kuizuia ncha isiingie mpaka mwisho na oringi ikabaki hewani. Lowesha oringi kwa maji, ingiza kwa mkono mpaka ikatae, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana ndogo kama unahisi bado ina ulegevu. Wanaokaza kwa nguvu zote hukata oringi, na ikishakatwa itavuja hata ukikaza zaidi.

Ncha nene, ya nusu inchi, inafungwa kwenye ango valvu. Humo ndani panatakiwa kuwa na washa. Fungua uangalie kabla ya kitu kingine, maana washa huanguka na kupotelea kwenye uchafu wa ujenzi bila mtu kujua. Ikiwepo na imekaa sawa, kaza kwa mkono kisha robo mpaka nusu mzunguko kwa spana, huku spana ya pili imeshika ango valvu. Bila hiyo ya pili unaizungusha valvu yenyewe ukutani, unalegeza ile tepu iliyofungwa kule ndani, na sasa una mvujo nyuma ya vigae ambao hukuwa nao.

Tazama pia mpindo. Fleksibo inayotoka kwenye nati inatakiwa iende moja kwa moja sentimita mbili tatu kabla ya kuanza kupinda. Ikiwa fupi mpaka imenyooka na kukaza kama kamba ya kuanikia, au ikiwa imekunjwa kali shingoni, badilisha urefu badala ya kuilazimisha. Nyuzi za chuma zilizosukwa juu yake zikianza kuwa na madoa ya kutu, ibadilishe hata kama haivuji bado. Mvuke wa dawa za klorini unakula chuma hicho polepole, kwa hiyo chupa ya dawa ya kung'arishia nguo isikae kabati hilo ikiwa imefunguka.

Tuseme sasa ni upande wa mpira wa kuvuta. Hapa kuna mtego unaowapoteza hata mafundi. Maji yanadondoka kutoka kwenye uzito, kila mtu anaapa kwamba mpira umepasuka pale ulipobanwa. Fungua uzito, kausha, na huoni tundu. Maji yanatoka juu kabisa, kwenye nati inayounganisha mpira na kichwa. Yanateremka kwa nje ya mpira, yanapita ndani ya shingo, yanashuka kupitia shina, na uzito kwa kuwa ni uvimbe wa kwanza njiani ndio unaoyadondosha. Ili kuhakikisha, vuta kichwa nje, funga kipande cha tishu kuzunguka mpira chini kidogo ya ile nati, fungua maji kwa dakika moja huku umekielekeza kichwa ndani ya sinki. Tishu ikilowa, fungua nati, angalia washa, safisha, rudisha. Ikibaki kavu, fanya hivyo hivyo kwenye kiunganishi cha chini.

Kiunganishi cha chini, kama ni cha kusukuma, kisukume mpaka kilie "tik", kisha kivute kwa nguvu ya kawaida. Kisipoachia, kimeshika. Kikiachia, au kikiwa kinavuja, kitoe uangalie kama oringi imejikunja au ina chembe ya mchanga.

Bomba la njia mbili, nyumba ina maji ya baridi tu

Hili linatuhusu sana kwa sababu nyumba nyingi zetu hazina bomba la maji ya moto jikoni. Fundi anaunganisha fleksibo moja, ya pili anaiacha ikining'inia. Mwenye nyumba anaona mkono wa bomba ukiwa upande wa baridi hakuna tatizo, lakini ukiwa katikati maji yanachuruzika kabatini. Sababu ni kwamba mkono ukiwa katikati, katriji inafungua milango yote miwili kwenye chumba kimoja. Maji ya baridi yakikuta kichwa chenye matundu madogo kinayabana, yanatafuta njia rahisi na kurudi nyuma kupitia mlango wa moto, mpaka kwenye fleksibo iliyo wazi.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuiziba ncha ya moto kwa plagi ya nusu inchi yenye washa. Inafanya kazi, ila ukipeleka mkono upande wa moto hakuna maji. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, ni kuweka tii kwenye ango valvu na kuunganisha fleksibo zote mbili kwenye maji ya baridi. Mkono ukienda popote maji yanatoka. Pima tu kwamba tii haikutokeza mbele kiasi cha kuingia kwenye njia ya uzito.

Maji ni dhaifu

Kama yalikuwa na nguvu siku ya kwanza na sasa ni dhaifu, fungua nati ya kichwa utazame chujio dogo lililopo kwenye mdomo wa mpira. Mchanga na vipande vya tepu hukusanyika hapo. Wakati wa kufunga bomba jipya, njia ya kuepuka hili ni kuelekeza ncha za fleksibo kwenye ndoo na kufungulia maji kwa dakika nzima kabla ya kuziunganisha na bomba.

Kama yalikuwa dhaifu tangu mwanzo, pima kimo cha tanki. Mita 10 za kimo zinatoa presha ya baa 1 hivi. Tanki ambalo maji yake yako mita 3 juu ya sinki linatoa takriban baa 0.3, na vichwa vingi vya kunyunyizia hutengenezwa kwa presha kubwa kuliko hiyo. Badili kichwa kiwe kwenye mkondo mmoja badala ya mvua. Yakitoka vizuri kwa mkondo na kulegea kwa mvua, bomba ni zima na tatizo ni kimo, hapo ni kuinua tanki au kuweka pampu ndogo. Yakiwa dhaifu kote kote, rudi kabatini uangalie kama fleksibo imekunjika au ango valvu haijafunguliwa mpaka mwisho.

Bomba linacheza

Kwenye sinki za chuma chembamba, kila unapovuta kichwa unatikisa bomba zima, na nati hulegea. Kukaza peke yake hakudumu, bati la sinki linabonyea tu. Weka kipande cha ubao mgumu au plastiki nene chini ya sinki, chenye tundu la kupitisha shina, kati ya bati la sinki na lile bati la kiatu cha farasi, ndipo ukaze. Kikiongeza unene wa sentimita moja, mdomo wa shina haujashuka, bado uko pale pale, ila nati ndiyo imeshuka kwenye nyuzi. Hakikisha nyuzi zimebaki za kutosha, na kwamba ukingo wa ubao haugusi mpira.

Ukimaliza chochote kati ya haya, tandika tishu kavu chini ya kila kiungo, vuta na kurudisha kichwa mara kadhaa maji yakiwa wazi, kisha rudisha vitu kabatini ukianza na vya nyuma na uvute tena. Tishu ziangalie kesho yake asubuhi kabla ya mtu kufungua bomba.